Duara lako ni sahihi, ila umesahau sifuri

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kwa uchungu. Maswali mawili ya kutafuta mkazo mkubwa wa kukata, njia ile ile ya duara la Mohr, mchoro unaoonyesha mikazo ya kila mwelekeo kwenye nukta moja ya chuma, nusukipenyo 50 kote kuwili. Moja amepata, lingine amekoseshwa. Nilipoyaona maswali yake nilishtuka, maana kosa hilo liliniumiza mimi mwenyewe nikiwa mhandisi mgeni kazini.

Nilipewa ukuta wa tangi la chuma. Usoni mwake, upande wa nje, mkazo wa mlalo ulikuwa megapaskali 100, wa wima 40, na wa kukata 40. Nikachukua bikari. Kitovu ni wastani wa 100 na 40, yaani 70. Nukta ya kwanza niliiweka kwenye 100, nikashuka 40 chini ya mhimili, kwa sababu mkazo wa kukata kwenye uso huo ulikuwa unaelekea kukizungusha kipande kidogo cha mraba cha chuma hicho kinyume cha saa. Nukta ya pili ikakaa kwenye 40, juu 40. Toka kitovuni hadi nukta ya kwanza ni 30 kwenda kulia na 40 kwenda chini, hivyo nusukipenyo ni 50. Mikazo mikuu, ile ya pande zisizo na mkazo wa kukata, ni kitovu kujumlisha na kutoa nusukipenyo: 120 na 20. Jumla yake 140, sawa na 100 na 40 za mwanzo. Jumla hizo zikipishana, umekosea mahali. Pembe kwenye duara ilikuwa digrii 53.1, lakini chuma chenyewe kinazunguka nusu yake tu, 26.6.

Hapo nikatangaza mkazo mkubwa wa kukata ni 50. Chuma kile kilianza kulegea kwa 250, kwa hiyo uwezo wake wa kukatwa, kwa kanuni ya Tresca, ni nusu: 125. Nikapata usalama mara 2.5, na tulitakiwa kufikisha 2.4. Mkubwa wangu akanirudishia karatasi mbele ya wenzangu wote. Bado nakumbuka ukimya ule.

Ukuta una unene, na usoni mwa nje hakuna kinachousukuma: mkazo mkuu wa tatu upo, nao ni sifuri. Kwa kuwa 120 na 20 zote ni za kuvuta, duara kubwa kuliko yote linaanzia sifuri hadi 120, na nusukipenyo chake ni 60. Chuma kinakatika kwa mshazari kupitia unene, kwa digrii 45, mahali ambapo mchoro wa bapa hauonyeshi. Usalama wa kweli ulikuwa 2.08.

Basi ndugu yangu, usiweke bikari chini kabla ya kutia nukta ya sifuri kwenye mhimili. Swali lako la pili lilikuwa na mikazo mikuu 90 na -10. Sifuri imeangukia ndani ya duara lako, hakuna duara linalolizidi, na ndiyo maana 50 yako pale ilipewa alama.