Miezi minane haitoshi kumhukumu mume

*"Asalaam aleikum Shangazi. Nina miaka 26, natoka Mbale, sasa naishi Iganga kwa mume. Mume huyu alitafutwa na shangazi yangu. Kabla ya nikahi tulionana mara tatu tu, sebuleni kwetu, watu wamejaa. Walitupima hata damu, nikaona aibu. Leo ni miezi minane na mume wangu hasemi. Anarudi kutoka dukani, ananiuliza nimekula nini, anakula, analala. Mama yake anakuja kila wiki kuniangalia. Juzi alinikuta nahangaika na jerikeni za maji, akamwamuru mwanawe anunue tanki, mbele yangu! Kijana tuliyependana naye miaka minne chuoni Kampala ameanza kuniandikia tena, na yeye hunielewa. Rafiki yangu alijichagulia mume na ana raha. Je, ndoa ya kutafutiwa huwa na mapenzi kweli, au niondoke kabla sijazaa?"*

Wa aleikum salaam, binti yangu. Miezi minane katika nyumba unayoiona bado ni ya watu ni mizito, na pole kwa hilo. Lakini barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na mwanamume ninayemwona humo simwoni kuwa mbaya. Mtu anafunga duka, amechoka, na neno lake la kwanza akiingia ni kukuuliza umekula nini. Wewe umeliandika hilo katika orodha ya makosa yake. Na mama yake, alipokuona na jerikeni, hakukwambia kwamba yeye enzi zake alibeba maji mbali zaidi. Alimgeukia mwanawe. Katika nyumba ngapi za Busoga mama mkwe huchukua upande wa mkaza mwana siku ya kwanza tu anapomwona ametaabika?

Kwanza tumalize jambo moja ambalo hukulisema wazi. Hukuandika kwamba ulilazimishwa. Kama ulilazimishwa, basi yote nitakayosema hapa chini yaache, maana hiyo ni kesi nyingine kabisa. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya 1995 inataka ridhaa huru ya mwanamume na mwanamke. Dini nayo ilitangulia zamani: Khansa binti Khidham aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka, akaenda kumshtakia Mtume, na ndoa ile ikavunjwa. Hata kule kuonana sebuleni ni mafundisho. Mughira bin Shuuba alipoposa aliambiwa akamtazame kwanza mchumba wake, kwa kuwa kufanya hivyo kunasaidia mapenzi yao kudumu. Lakini wewe ulikuwa mwanamke mzima, umesoma Kampala, ukaonana na mtu mara tatu, ukaulizwa, ukakubali. Basi usiandike kana kwamba ulibebwa ukiwa umelala.

Sasa nije kwenye swali lako. Unapima ndoa ya namna moja kwa saa ya ndoa ya namna nyingine. Wanaopendana kwanza huanza na kazi ya kujuana tabia, kicheko, maneno, hasira. Kazi ya kuulizana ukoo, madeni, maradhi na dini huja baadaye. Wanaotafutiwa hufanya kinyume chake. Wazee wanamaliza maswali magumu kabla ya nikahi, na nyinyi wawili mnaachiwa kazi ya kujuana, ambayo huanza siku mnapoingia ndani. Shangazi yako alifanya sehemu yake yote. Sehemu yako hujaianza, na tayari unadai matunda yake.

Chukua hicho kipimo cha damu kilichokutia aibu. Unajua kilikuwa cha nini? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliopima damu za watoto wachanga nchi nzima, ulionyesha kuwa Waganda kama 13 katika kila 100 wanabeba chembe ya selimundu, maradhi ambayo wengi wetu tunayaita siko seli. Busoga, huko ulikoolewa, ni miongoni mwa sehemu ambako chembe hiyo imeenea sana. Mbebaji kwa kawaida haumwi. Anaishi, anafanya kazi, hajui lolote. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kumleta mtoto mgonjwa. Na ni kila mimba, hesabu inaanza upya, kwa hiyo wako wanaozaa wagonjwa wawili mfululizo na wako wanaozaa wazima wanne. Nimeandikiwa na akina mama waliolijua hilo wakiwa wodini, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa, na hao wengi wao walijichagulia waume kwa mapenzi matupu. Hakuna aliyewauliza, na wao kwa wao wasingeulizana, kwa sababu swali kama hilo mezani, mbele ya soda na chipsi, linasikika kama matusi. Shangazi yako aliweza kuuliza kwa kuwa si yeye aliyekuwa akiolewa. Huyo wa chuoni, katika miaka yenu minne, uliwahi kujua damu yake ikoje?

Na hapo niseme kidogo juu ya ndoa za siku hizi, maana rafiki yako umemtaja. Sina ugomvi na mapenzi. Aliyejichagulia ana kitu ambacho wewe huna: shida ikija, anakumbuka mwenyewe kwa nini alimtaka yule mtu, na kumbukumbu hiyo humshikilia. Ninachogombana nacho ni jinsi familia inavyoletwa mwisho. Vijana wanapendana miaka, kisha wanatangaza siku ya kwanjula. Mikutano ya michango imeanza, gomesi zimeshonwa, mahema yamelipiwa, ndipo shangazi anaambiwa, "Huyu ndiye." Wakati huo akiuliza kama kijana ana mtoto mahali, au deni benki, au kama koo haziruhusiwi kuoana, anaonekana mchawi anayetaka kuharibu harusi. Basi ananyamaza. Miaka miwili baadaye binti anarudi nyumbani analia, na wazazi wanamjibu jibu lile lile katika kila lugha ya nchi hii: ulimchagua mwenyewe. Raha ya rafiki yako unaiona kwenye picha anazokutumia. Nyumba njema si mlango.

Wewe una haki ambayo yeye hana, na hujaitumia. Aliyeipanga ndoa anadaiwa kuitengeneza. Shangazi yako na mshenga wa upande wa mume hawajamaliza kazi siku ya nikahi. Unaweza kuwaita, na wakiitwa hawana ruhusa ya kusema "hayo ni yenu." Lakini waite kwa jambo lenye jina. Ukiwaambia "mume hasemi" watacheka na kurudi makwao. Waambie unataka jioni moja katika wiki ambayo duka linafungwa mapema. Waambie unataka mama mkwe aje kwa siku inayojulikana, ujiandae, badala ya kukukuta tu. Hayo ni mambo ambayo wazee wanajua kuyabeba. Ya chumbani na ya maneno ya mapenzi usiwapelekee, kwa sababu wakishayashika hawatayaachia, na mumeo ataona umemvua nguo mbele ya watu.

Kabla hujawaita, zungumza naye mwenyewe. Mtu aliyezoea kuonana nawe mbele ya halaiki huenda hajajifunza kusema nawe mkiwa wawili, na wewe kwa unavyoandika hujamsaidia. Akikuuliza umekula nini, unamjibu nini? Hukuniandikia, nami nahisi unamjibu kwa neno moja na kurudi kwenye simu. Jaribu kumjibu, kisha umuulize la dukani: nani kakopa leo, bei ya sukari imepandaje, muuzaji wa Jinja kamletea nini. Mfanyabiashara asiye na maneno juu ya moyo wake huwa na maneno mengi juu ya mizigo yake, na ndani ya hayo atakuambia anachoogopa. Nenda ukakae dukani Jumamosi moja. Utamwona akiongea na wateja, na utajua kama kweli hasemi au hasemi nawe tu. Hizo ni habari mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Sasa huyo wa Kampala. Miaka minne mlikuwa pamoja. Katika miaka hiyo nani kutoka kwao alikuja Mbale? Mjomba gani, rafiki gani, hata mwenye bodaboda wa kumsindikiza? Barua yako haisemi hata mmoja, na ingesema kama wangekuwepo. Alipokuwa na nafasi ya kuposa, hakuposa. Leo una mume, na ndio leo anaandika. Unasema anakuelewa. Anaelewa mwanamke anayemwandikia anapojisikia vibaya, na hajawahi kulipa kodi ya nyumba na mwanamke huyo wala kuuguza naye mtoto usiku. Usiache mbachao kwa msala upitao. Namba yake izuie leo, na usimuage. Kumuaga ni mazungumzo mengine ya wiki mbili.

Kama baada ya hayo yote bado nyumba haikaliki, mlango upo. Dini inakupa khului: unaomba kuachwa na unamrudishia mume mahari aliyokupa mkononi, mbele ya kadhi. Vile walivyopokea wazazi wako kimila, mbuzi au fedha, ni jambo jingine, na mtu asikutishe navyo. Mahakama ya Juu iliamua mwezi Agosti 2015 kwamba kudai vitu hivyo virudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Na akikuinulia mkono, usingoje kikao wala usihesabu miezi, rudi kwenu siku hiyo hiyo.

Lakini hakukupiga, hakukunyima, hakukutukana, angalau hukuandika hivyo. Kuhusu mtoto tu ndipo nakubaliana nawe: msikimbilie. Mwambie mumeo unataka mjuane kwanza, mwende pamoja kituo cha afya mchague njia ya kupanga uzazi, na mjipe mwaka mwingine mzima. Nadhani atakubali. Akishakujibu, niandikie tena, na safari hii niwekee maneno yake yeye, kama alivyoyasema.