Ukitaka kuisikia misa ya Dufay, anza na sauti ya tatu

Nimeimba sauti ya tatu katika kwaya ya parokia kwa miaka mingi, na muda wote huo nilidhani misa ni nyimbo tano tu zilizowekwa kwenye daftari moja. Siku ya kwanza nilipoisikiliza misa ya Guillaume Dufay, mtunzi wa karne ya 15, iitwayo Se la face ay pale, nilikaa na rekodi yake jioni nzima nikiifuata sauti ya kwanza, kama tunavyozoea. Nilikuwa nimesoma kwamba sehemu zote tano zimejengwa juu ya wimbo mmoja. Sikuusikia popote. Utukufu ulikuwa na mahadhi yake, Mtakatifu ana yake, Mwanakondoo yake. Nilikata tamaa, nikaiacha kwa miezi kadhaa.

Kosa langu lilikuwa kuutafuta wimbo mahali usipokuwepo. Katika misa za aina hii wimbo-msingi, ambao wanamuziki huuita kwa Kilatini kantus firmus, hukaa kwa teno, yaani sauti ya tatu. Neno lenyewe teno linatokana na neno la Kilatini la kushika, maana ndiyo sauti iliyoushika wimbo. Sauti nyingine huufuma muziki wao juu yake na chini yake, na mara nyingi zinakimbia kuliko yeye. Kwa hiyo sikio linavutwa na wanaokimbia, na yule aliyebeba jengo zima anapita bila kuonekana.

Kabla sijaeleza namna ya kumkamata, fikiria kwanza tatizo alilokuwa nalo mtunzi. Wewe unayekwenda kanisani unajua kwamba sehemu hizi haziimbwi mfululizo. Baada ya Utukufu kuna sala, masomo na mahubiri ndipo inakuja Nasadiki, halafu matoleo, ndipo Mtakatifu. Tena hazilingani kwa urefu: Utuhurumie ina maneno machache yanayorudiwa, Nasadiki ina maneno mengi mno. Watunzi wa zamani waliziandika moja moja, na kwaya ikakusanya ilizonazo. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 15 Waingereza walianza kufanya jambo jipya. Leonel Power, kwa mfano, alichukua wimbo wa kale wa Bikira Maria, Alma redemptoris mater, akampa teno auimbe katika kila sehemu ya misa yake, kwa mapigo yaleyale.

Dufay naye alichukua njia hiyo katika miaka ya 1450, ila msingi wake haukutoka kanisani. Ulitoka katika wimbo wa mapenzi wa Kifaransa alioutunga mwenyewe takribani miaka ishirini nyuma, unaoanza kwa maneno yenye maana ya "uso wangu ukiwa umepauka, sababu ni mapenzi". Wimbo huo una sauti tatu. Dufay aliichukua teno yake peke yake, akaiweka ndani ya misa ya sauti nne.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiiguse misa kabla hujaujua wimbo. Tafuta rekodi ya ule wimbo wa mapenzi, ni mfupi, uusikilize mara nyingi ukiifuata teno tu, mpaka uweze kuivumisha unapoosha vyombo. Mimi niliandika teno yake kwa sol-fa kwenye karatasi na kuiimba wiki nzima. Utaona ina vipande vichache, na mwishoni nota zinaruka kwa namna ya mlio wa tarumbeta. Kishike sana hicho kipande cha mwisho.

Kisha nenda kwenye Utukufu, lakini usianzie mwanzo. Anzia mwishoni, panapoimbwa maneno yetu ya "pamoja na Roho Mtakatifu". Hapo ndipo nilipoupata wimbo kwa mara ya kwanza, nikasimama kutoka kitini. Teno anauimba kwa mwendo wake halisi, na ule mlio wa tarumbeta unakuja kwenye Amina, sauti nyingine nazo zikiudaka.

Sasa kwa nini haukusikika mwanzoni? Dufay aliiandika teno ya Utukufu mara moja tu, akaiwekea maelekezo mafupi ya Kilatini. Aimbe mara tatu: mara ya kwanza kila nota irefushwe mara tatu, mara ya pili irefushwe mara mbili, mara ya tatu iwe kama ilivyoandikwa. Yaani nota ya pigo moja inashikwa mapigo matatu, halafu mawili, halafu moja. Mzunguko wa kwanza unaanza kwenye "tunakuabudu", wa pili kwenye "mwenye kuondoa dhambi za dunia", na wa tatu ni huo ulioanza nao. Nota iliyovutwa mara tatu haisikiki tena kama wimbo, inasikika kama nguzo. Ndiyo maana ninakushauri urudi kinyumenyume: sikiliza mzunguko wa tatu, kisha wa pili, kisha wa kwanza. Ukiwa na wimbo kichwani, utajua nota ijayo kabla teno hajaifikia.

Kwa kuwa rekodi itakuwa kwa Kilatini, weka maneno ya Kilatini sambamba na kitabu chetu cha misa. Bila hivyo utapotea, kwa sababu kabla teno hajaingia sauti nyingine hutangulia bila yeye, na ni rahisi kudhani ameshaanza.

Hesabu hii pia ndiyo inayojibu tatizo la urefu, na mimi naiona kuwa jambo zuri kuliko yote katika misa hii. Tatu, mbili na moja ni sita: mizunguko ya teno katika Utukufu ina urefu wa wimbo mara sita. Nasadiki imejengwa vilevile. Lakini kwenye Utuhurumie, Mtakatifu na Mwanakondoo nota zinarefushwa mara mbili tu, kwa mwendo mmoja. Msingi ni uleule, ila unakunjuliwa kadiri maneno yanavyohitaji. Sehemu mbili ndefu zinafanana kwa umbo, na zile tatu fupi nazo zinafanana.

Kuna watunzi walioongeza alama nyingine iliyo rahisi zaidi kwa sikio: kila sehemu ya misa inafunguliwa na mahadhi yaleyale katika sauti ya juu. Dufay mwenyewe alifanya hivyo katika misa yake ya baadaye, Ave regina caelorum. Ukiona ugumu na teno, anza na hiyo upate moyo. Ila usiishie hapo, kwa sababu ufunguzi unakwisha baada ya sekunde chache, na msingi unaendelea.

Kitu kimoja kilinichanganya sana nilipofika kwenye Mtakatifu. Nilimfuata teno vizuri, halafu kwenye "mbingu na dunia zimejaa" akanipotea kabisa. Nilirudia mara tatu au nne nikidhani sikio langu limechoka. Kumbe hayupo. Dufay anamnyamazisha hapo, na tena kwenye "mbarikiwa", anaacha muziki uende bila wimbo-msingi. Anafanya hivyohivyo kwenye "Kristo utuhurumie" na kwenye Mwanakondoo wa pili. Kwa hiyo ukimkosa mahali hapo, usirudishe rekodi nyuma. Subiri "Hosana". Sauti zinajaa, na chini yake anaingia tena, akiendelea na kipande cha wimbo alichokuwa hajakiimba.