Chati ya ukutani: pima herufi ndogo kabla ya kuskani

Kabla ya kuwasha skana, chukua rula na utafute mwandiko mdogo kuliko wote kwenye chati. Mara nyingi ni ule uliobanwa pembeni kwa penseli. Pima kimo cha «a» au «e», usipime herufi zenye mikia.

Tuseme umepata milimita 1.5. Ili tundu la «e» libaki wazi, lenga pikseli 20 hivi kwa kimo hicho. Zikishuka chini ya 10, «e» hufanana na «c», na 3 hugeuka 8. Hesabu ya pikseli kwa inchi ni hii:

```
20 × 25.4 ÷ 1.5 = 339
```

Kwa hiyo 300 inapungua kidogo, chagua 400. Ukipanda hadi 600, faili itakua mara 2.25, na mwandiko wa kalamu wa ukubwa huo hautasomeka vizuri zaidi kwa kiasi cha kulipia mzigo huo.

Chati ya sentimita 120 kwa 90 itatoa pikseli 18,898 kwa 14,173, takriban megabaiti 803 kabla ya kubanwa. Hapa ndipo mwandiko hupotea. WebP haipokei upande unaozidi pikseli 16,383, na mifumo mingi ya kupakia picha huzipunguza kimyakimya. Upande mrefu ukishushwa hadi 6,000, ile «e» inabaki na pikseli 7 na nusu, na kuikuza tena hakurudishi kitu.

Tunza TIFF nzima, kisha ikate vigae kwa programu ya vips ili kivinjari kivute vile tu vinavyotazamwa:

```
vips dzsave chati.tif chati --tile-size 510 --overlap 1 --suffix '.jpg[Q=90,subsample_mode=off]'
```

Kile kipande cha `subsample_mode=off` kisiachwe: bila hicho, `Q`, yaani kipimo cha ubora wa JPEG, ikishushwa chini ya 90, rangi huhifadhiwa kwa nusu ya pikseli kila upande, na wino mwekundu mwembamba ukachuja. Ukubwa kamili utatoa vigae 38 kwa 28, yaani 1,064; ngazi ndogo zote kwa pamoja huongeza kama theluthi.

Sasa kagua kigae chenyewe. Mwandiko ulioko sentimita 100 kutoka kushoto na 60 kutoka juu uko kwenye pikseli 15,748 na 9,449. Gawanya kila moja kwa 510, tupa desimali, unapata safu wima ya 30 na mstari wa 18, kwa kuwa hesabu huanzia sifuri; 15 ni ngazi ya ukubwa kamili:

```
chati_files/15/30_18.jpg
```

Ifungue kwa asilimia 100. Ikiwa na ukungu ilhali TIFF ni safi mahali palepale, kosa ni la kubana: pandisha `Q`. Zote mbili zikiwa na ukungu, rudi kwenye karatasi. Mkunjo ukiinuka milimita chache kutoka kwenye kioo, skana nyingi za kupitisha karatasi hushindwa kuulenga, kwa hiyo lainisha mkunjo na uskani upya.