Maksi zilezile, gredi mbili

"Mwanangu yuko haiskuli Marekani, masomo mawili maksi zake zinafanana kabisa, moja ana B lingine D, mbona?"

Kuna aliyemjibu mzazi huyu kwamba mwalimu mmoja ni mkali, yuko nusu sahihi, manake kilichokaza ni namna kitabu cha maksi kinavyopiga hesabu. Chukua mfano: homuweki 20 za pointi 10, kapata 190 kwa 200, mitihani miwili ya 50, kapata 60 kwa 100. Somo la kwanza wanajumlisha pointi zote tu, 250 kwa 300, hiyo ni 83%, B. Somo la pili homuweki ina uzito wa 20% na mitihani 80%, sasa ile 95% yake ya homuweki inamletea 19 tu, 60% ya mitihani inaleta 48, jumla 67, D.

Kwenye kujumlisha pointi, homuweki zikiwa nyingi zinabeba gredi bila mtu kuamua, hapa zimechukua theluthi mbili nzima, na mimi naona hiyo ndo inaficha mtoto asiyeelewa.

Kama shule inatumia Canvas, mfumo wa mtandaoni wa masomo na maksi, fungua Grades, pembeni tafuta "Assignments are weighted by group", yaani kila kundi la kazi lina uzito wake. Ila angalia, kama bado hakuna mtihani hata mmoja uliowekwa maksi, kundi la mitihani linaachwa nje na homuweki inasimama peke yake, anaonekana ana 95, halafu mtihani ukiingia anaporomoka ghafla. Mitihani imebaki mingapi muhula huu?