Mali na deni la pango havilingani

"Mkataba wa miaka mitatu, 1,000 kila mwisho wa mwaka, riba 10%. Siku ya kwanza vililingana, sasa havilingani. Nimekosea wapi?"

Hujakosea, ndugu. Siku ya kwanza ulidebiti mali ya haki ya kutumia kitu ulichopanga kwa 2,487, yaani thamani ya sasa ya malipo yote matatu, ukakrediti deni la pango kiasi hichohicho. Baada ya hapo kila kimoja kina njia yake. Deni linaongezeka kwa riba ya 249, kisha malipo ya 1,000 yanalishusha hadi 1,736. Mali inapungua kwa uchakavu tu, 829 kila mwaka, inabaki 1,658. Wengi hukosea kwa kukata malipo kwenye mali ili vilingane. Usifanye hivyo, vitakutana kwenye sifuri mwaka wa tatu.