Tawi la watu 20 nalo lihesabike: namna ninavyogawa sampuli ya wafanyakazi

Kampuni zenye matawi mikoani zinapotaka kujua maoni ya wafanyakazi, mara nyingi ofisi ya rasilimali watu huniuliza tuhoji watu wangapi. Hilo tunalimaliza haraka, kwa sababu bajeti na muda ndivyo vinavyoamua. Kazi huanza tunapojiuliza watu hao watoke tawi gani, na wangapi kila tawi.

Tuchukue kampuni ya mfano, inafanana na nyingi nilizofanya nazo kazi. Ina wafanyakazi 1,200: Dar es Salaam 640, Arusha 230, Mwanza 190, Dodoma 84, Mtwara 36 na Kigoma 20. Uwezo wa kuhoji ni watu 200.

Ukiwachanganya wote 1,200 kwenye orodha moja na kuchota 200 kwa bahati nasibu, hujakosea kitakwimu. Ila Kigoma iko mikononi mwa bahati. Kwa hesabu ya uwezekano, takriban mara 1 kati ya 8 utapata mtu mmoja tu kutoka Kigoma, au usipate kabisa. Halafu mkurugenzi atauliza kwa nini Kigoma wanaacha kazi, nawe huna cha kumjibu.

Dawa yake ni kuligeuza kila tawi kuwa tabaka. Unatenga orodha sita, na kila orodha unaichotea nasibu peke yake. Hapo hakuna tawi linaloachwa. Lakini wengi wakifika hapa hugawa kwa uwiano wa ukubwa na kudhani wamemaliza. Uwiano unatoa Dar 107, Arusha 38, Mwanza 32, Dodoma 14, Mtwara 6 na Kigoma 3. Kigoma imo, lakini watu watatu ni wachache mno: mmoja akibadili jibu, asilimia ya tawi inaruka kwa pointi 33. Hiyo si takwimu ya kupeleka kikaoni.

Kugawa sawasawa, watu 33 kila tawi, nako hakuwezekani, maana Kigoma haina watu 33. Hata ingekuwa nao, Dar yenye zaidi ya nusu ya wafanyakazi wote ingebaki na sauti ndogo mno.

Mimi hutumia njia ya katikati: nagawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wafanyakazi wa tawi. Kipeuo cha pili cha 640 ni karibu 25.3, cha 20 ni karibu 4.5. Dar inaizidi Kigoma mara 32 kwa watu, lakini kwa vipeuo inaizidi chini ya mara 6. Ukijumlisha vipeuo vya matawi yote sita unapata karibu 73.9, na kila tawi linapewa sehemu yake ya watu 200 kulingana na kipeuo chake. Matokeo yake ni Dar 69, Arusha 41, Mwanza 37, Dodoma 25, Mtwara 16 na Kigoma 12. Jumla ni 200 ileile, bajeti haijaongezeka hata shilingi.

Unalipa nini? Usahihi kidogo wa takwimu ya kampuni nzima. Kwa swali la ndiyo au hapana, katika kiwango cha uhakika cha asilimia 95, mgao wa uwiano ungekupa kosa la hadi takriban pointi 6.3 juu au chini. Mgao wa kipeuo unakupa takriban 7. Kwangu mimi hiyo ni bei ndogo. Lakini usimdanganye mteja kuhusu Kigoma: hata ukihoji 12 kati ya 20, kosa la tawi hilo peke yake bado linaweza kufika pointi 18. Kama tawi hilo ndilo lenye moto, hoji wote 20 na uzipunguze nafasi za Dar kwa 8. Dar haitazisikia.

Sasa sehemu ambayo nimeiona ikiharibu ripoti nzuri. Ukishawapa wadogo nafasi kuliko ukubwa wao, huwezi tena kujumlisha majibu yote na kugawa kwa 200. Tuseme swali lilikuwa kama mtu amepata mafunzo ya usalama kazini mwaka huu. Waliosema ndiyo ni 46 Dar, 24 Arusha, 21 Mwanza, 10 Dodoma, 4 Mtwara na 2 Kigoma. Jumla ni 107, ukigawa kwa 200 unapata asilimia 53.5. Takwimu hiyo ina kasoro, kwa sababu Kigoma na Mtwara, ambako mafunzo hayajawafikia wengi, wameivuta chini kuliko idadi yao inavyostahili.

Kila tawi lirudishiwe uzito wake. Mtu mmoja wa Dar kwenye sampuli anasimama kwa niaba ya wenzake 9.3 hivi (640 kwa 69), wa Kigoma kwa niaba ya 1.7 tu. Kwenye Excel, weka idadi ya wafanyakazi wa kila tawi safu ya B na sehemu ya waliosema ndiyo safu ya C, kisha andika:

```
=SUMPRODUCT(B2:B7,C2:C7)/SUM(B2:B7)
```

Jibu linakuwa asilimia 59.6. Tofauti ya pointi sita imetokana na uzito tu. Takwimu ya tawi mojamoja haihitaji uzito, kwa kuwa ndani ya tawi kila mtu alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa.

Nafasi sawa hiyo ndiyo inayovunjika kwenye matawi madogo. Ukimpigia meneja wa tawi la watu 20 na kumwomba watu 12, atakupa 12 anaoelewana nao, tena kwa nia njema: walio zamu ya mchana, wasio na kesi ya nidhamu, wenye kuongea vizuri. Majina yachaguliwe makao makuu kutoka kwenye orodha ya mishahara ya mwezi wa mwisho. Andika `=RAND()` mbele ya kila jina, nakili namba hizo na uzibandike kama thamani ili zisiendelee kubadilika, panga kwa namba ndogo hadi kubwa, kisha chukua 12 wa juu. Wanaofuata ni akiba, na wanaitwa kwa mpangilio huohuo mtu akikataa au akiwa likizo.

Kabla ya hapo kagua orodha yenyewe. Madereva, walinzi na vibarua wa mkataba mfupi mara nyingi hulipwa kupitia wakala, hivyo hawamo kwenye mishahara ya kampuni. Amueni mapema kama wamo au hawamo kwenye utafiti, na muandike hivyo kwenye ripoti. Aliyehamishwa kutoka Mwanza kwenda Kigoma wiki iliyopita anaweza kuonekana bado yuko Mwanza. Ahesabiwe anakofanyia kazi.

La mwisho ni siri. Kwenye tawi la watu 20, jedwali linaloonyesha majibu ya "wanawake wa idara ya fedha, Kigoma" huenda linamtaja mtu mmoja, na kila mtu anamjua. Kwa hiyo siripoti kundi lolote lenye majibu chini ya matano. Naliunganisha na jingine, au naacha nafasi ile wazi. Mteja hung'ang'ania kuona mchanganuo huo, hasa pale majibu yanapokuwa mabaya. Ndiyo maana huliweka sharti hilo kwenye mkataba kabla ya hojaji ya kwanza kutoka.