Chokea inayorudi, kope zinazowasha na lenzi za siku ya harusi

Hii ni chokea ya tatu tangu Ramadhani, zote jicho la kulia. Nimemeza dawa mara mbili na bado inarudi. Kwa nini? (Mama, Majengo)

Pole mama. Chokea huja na kupona, lakini kilichoileta kimebaki pale pale ukingoni mwa ukope.

Simama mbele ya kioo kwenye mwanga mzuri, uvute ukope wa chini taratibu. Nyuma kidogo ya nywele za kope utaona safu ya vitundu vidogo sana. Kila kitundu ni mdomo wa tezi ya mafuta. Ukope wa juu una tezi zipatazo thelathini, wa chini zimepungua kidogo. Kila ukipepesa, zinatoa mafuta membamba yanayotanda juu ya machozi ili yasikauke haraka. Ukingo ukikaa na uvimbe wa muda mrefu, hali ambayo madaktari huiita blefaraitisi, mafuta hayo huwa mazito kama samli iliyoganda. Vitundu huziba, na bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu wanapata pa kuzaliana. Hapo ndipo chokea inapotokea.

Utaijua blefaraitisi kwa magamba kama mba kwenye mizizi ya nywele za kope, matongo yanayonata asubuhi, muwasho, na macho kuchoma kufikia jioni. Magamba yakiuzunguka mzizi wa unywele kama kola, huenda ni utitiri wa kope. Huo una dawa yake kwa daktari wa macho. Usijipake mafuta makali yoyote.

Angalia pia mahali chokea zinapotokea. Zikihamahama, kisa ni ukingo mchafu. Lakini uvimbe ukirudi palepale kila mara, na nywele za kope zikadondoka hapo, usikubali kuandikiwa dawa ileile tena. Mwombe daktari wa macho aukague, kwa kuwa mara chache huwa ni saratani ya tezi, na hujulikana kwa kukata kipande na kukipima.

Naambiwa nikande kwa maji moto. Nimekanda siku mbili, sioni tofauti. (Kijana, Kisauni)

Mara nyingi kosa ni dakika. Kitambaa kilichochovywa maji moto hupoa ndani ya dakika mbili hivi, na mtu anaendelea kukishikilia akidhani anakanda. Mafuta yaliyoganda yanataka joto la nyuzi 40 hivi kwa dakika 5 hadi 10 mfululizo.

Chemsha maji, uyaache mengine yapoe kabisa. Changanya kikombe kimoja kinachotokota na vikombe vinne vilivyopoa. Utapata joto la karibu nyuzi 42. Lijaribu kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono: liwe la kupendeza, lisikuchome. Yaliyobaki ya moto yatie kwenye themosi uongezee kila yanapopoa. Nawa mikono, funga jicho, weka taulo ndogo safi, na kila dakika mbili ichovye tena.

Ukimaliza, sukuma mafuta yatoke. Ukope wa juu upapase kuelekea chini, wa chini kuelekea juu, kwa ncha ya kidole, mara tano au sita, bila kukandamiza mboni. Kama chokea inauma sana, ruka hatua hii. Usiitumbue kamwe, wala kung'oa unywele ili usaha utoke.

Kisha safisha ukingo. Kijiko kimoja cha chai cha shampuu ya mtoto kwenye vijiko kumi vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chovya pamba, kamua, pitisha kwenye mizizi ya nywele kutoka upande wa pua kwenda nje, jicho limefungwa. Kila jicho na pamba yake. Suuza kwa maji yaliyochemshwa, na mchanganyiko uliobaki umwage. Ikikuchoma au ngozi ikakauka, acha shampuu, tumia maji pekee au vitambaa maalumu vya kusafishia kope.

Wakati wa chokea, kanda mara tatu au nne kwa siku. Nyingi hupona kwa wiki moja au mbili. Baadaye endelea mara moja kila siku, maana blefaraitisi hutulizwa tu, haing'olewi. Kikibaki kinundu kigumu kisichouma, endelea kukanda kwa wiki kadhaa. Kisipoisha, daktari hukifungua kwa upasuaji mdogo.

Navaa miwani kutwa. Je, ndiyo inayoniletea chokea? (Mwalimu, Likoni)

Miwani yenyewe haileti, mwalimu. Ila kwa joto letu na jasho, inateleza puani, unaisukuma juu kwa kidole mara hamsini kwa siku, na kidole hichohicho kinapitia jichoni. Tazama vile vidude viwili vya puani: pale vinaposhikana na fremu mara nyingi pana utando wa kijani wa jasho, mafuta na vumbi. Usafishe jioni kwa sabuni ya vyombo tone moja, maji vuguvugu na mswaki laini, kisha futa kwa kitambaa safi. Pembe ya leso uliyovaa kutwa haifai. Inarudisha jasho na kukwaruza kioo. Na kama inateleza, mpelekee fundi wa miwani akaze.

Chokea imeanza jana, na Jumamosi nina harusi. Naweza kuvaa lenzi zangu saa chache tu? (Dada, Mji wa Kale)

Hapana dada, vaa miwani. Ukope uliovimba unaibana lenzi kwa juu na kuisogeza kila unapopepesa, hivyo unahisi mchanga na uoni unayumba. Mafuta mazito yanagandia juu yake, nayo inachafuka ndani ya saa chache. La hatari zaidi, bakteria waliojaa ukingoni wanabebwa na lenzi na kuwekwa juu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na konea ikichunika kidogo tu wanaingia. Kidonda cha konea kinaweza kuacha kovu la kudumu.

Rudi kwenye lenzi baada ya uvimbe na wekundu kwisha kabisa. Zile ulizokuwa umevaa chokea ilipoanza, zitupe pamoja na kikebe chake, ufungue mpya. Lenzi usizisuuze kwa maji ya mfereji wala ya kisima, hata yawe meupe vipi: yanaweza kuwa na amiba wanaoshambulia konea. Siku ukikanda, kanda kabla ya lenzi na usubiri uoni utulie.

Na wanja, dada, usiutie kwenye ukingo wa ndani: unaziba vile vitundu, na baadhi ya wanja una madini ya risasi. Ule uliotumia wakati wa chokea utupe, wala usiazimane kijiti.

Ukiona jicho lenyewe jekundu linalouma, mwanga unalichoma au uoni umepungua, vua lenzi na umuone daktari wa macho siku hiyohiyo.

Kemisti aliniuzia matone yaliyoondoa wekundu siku moja. Niendelee nayo? (Baba, Bamburi)

Soma jina la dawa kwenye boksi. Ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, hiyo ni steroidi. Inafuta wekundu upesi, lakini ikitumiwa bila kusimamiwa inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na ikiwa kuna kidonda cha virusi inakichochea. Kama umeitumia siku moja mbili, iache. Kama ni wiki, usiikatize mwenyewe, nenda ukapimwe presha ya jicho na daktari akuelekeze namna ya kuipunguza. Nenda haraka zaidi, hata usiku, ukope ukivimba hadi shavuni, ukipata homa, jicho likitokeza nje au likiuma ukiligeuza.